Kila Saa na Bei Yake: Namna Ovataimu Inavyohesabiwa

Katika karatasi nyingi za mshahara zinazotolewa viwandani, ovataimu huandikwa kwa mstari mmoja tu: saa 11, kisha kiasi cha fedha. Mfanyakazi husoma, hujumlisha kichwani, huona hesabu inaelekea kuwa sawa, akakunja karatasi na kurudi kazini. Lakini saa hizo 11 hazina bei moja. Baadhi alizifanya usiku baada ya zamu yake kwisha, nyingine alizifanya Jumapili mchana. Tena zipo saa zilizopaswa kulipwa zaidi ambazo hazimo kabisa kwenye mstari ule, kwa sababu zilikuwa ndani ya zamu ya kawaida, ila ziliangukia usiku au siku ya sikukuu. Mstari mmoja hauwezi kuonyesha yote hayo, na mfanyakazi asiyejua kuutenganisha hana namna ya kujua kama amelipwa chote.

Nitaeleza hesabu hii kwa kufuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na majirani zetu wana zao. Nitamtumia mfanyakazi anayelipwa kwa saa, kwa kuwa hesabu yake ndiyo iliyo wazi zaidi, na anayelipwa kwa mwezi naye hulazimika kugeuza mshahara wake kuwa wa saa kabla ya kugusa ovataimu.

Tuanze na mpaka. Ovataimu ni saa inayozidi saa za kawaida za kazi, basi lazima kwanza tujue saa za kawaida zinaishia wapi. Sheria inaweka ukomo wa namna tatu: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Mwajiri anaweza kupanga chini ya hapo. Kama mkataba wako unasema saa 40 kwa wiki, saa zako za kawaida ni 40, na ya 41 ni ya ziada. Asichoweza ni kupanga juu ya hapo na kuziita saa za kawaida.

Ukomo wa siku na ukomo wa wiki vinafanya kazi pamoja, na hili husahauliwa sana. Ukifanya kazi saa 11 Jumatatu, msimamizi akakuambia Jumanne utoke mapema ili zifidiane, saa zilizozidi 9 Jumatatu hazifutiki kwa sababu Jumanne ulitoka mapema. Kusawazisha saa kwa wastani wa kipindi kirefu kunaruhusiwa, ila kunahitaji makubaliano yaliyofikiwa na chama cha wafanyakazi, yale yanayoitwa mkataba wa hali bora. Neno la msimamizi mlangoni halitoshi.

Saa ya mapumziko ya chakula haihesabiwi kuwa saa ya kazi. Mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60, na mwajiri halazimiki kuzilipia. Lakini mapumziko yawe mapumziko kweli. Ukiambiwa ule hapo hapo huku ukiangalia mashine, au ubaki getini gari likija ufungue, basi hukupumzika, na dakika hizo zinapaswa kulipwa.

Sasa bei zenyewe. Msingi wake ni mshahara wa msingi wa saa moja, na tuseme ni shilingi 2,000. Saa ya ziada katika siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo 3,000. Saa iliyofanywa ndani ya mapumziko ya wiki hulipwa mara mbili, 4,000. Saa iliyofanywa siku ya sikukuu ya kitaifa nayo hulipwa mara mbili, 4,000. Saa ya usiku huongezewa asilimia 5. Hivi vyote ni viwango vya chini kabisa. Mkataba wa hali bora unaweza kuvipandisha, wala hakuna mkataba unaoweza kuvishusha.

Usiku katika sheria una mipaka yake: unaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi. Kutwa kwa jua au jina la zamu hakuhusiki. Zamu inayoitwa ya jioni inaweza kuwa na saa kadhaa za usiku ndani yake, na zamu ya usiku inayoanza saa 12 jioni ina saa mbili za mwanzo ambazo si za usiku. Nyongeza hii inafuata saa yenyewe, iwe ni ya kawaida au ya ziada. Ikiwa ni ya kawaida, asilimia 5 inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi: 2,000 inazaa nyongeza ya 100. Ikiwa ni ya ziada, asilimia 5 inahesabiwa kwenye bei ya ovataimu: 3,000 inazaa nyongeza ya 150, na saa hiyo inafikia 3,150. Nyongeza ya usiku hukaa juu ya bei nyingine, haichukui nafasi yake. Mhasibu anayesema kwamba mtu akishalipwa ovataimu hastahili tena fedha ya usiku, sheria haiko naye.

Mapumziko ya wiki ndiyo yanayozua mabishano makubwa zaidi, kwa sababu wengi tumezoea kusema wikiendi. Sheria haina bei ya Jumamosi. Kwa mtu ambaye Jumamosi ni siku yake ya kawaida ya kazi, saa zake za siku hiyo hulipwa kawaida. Jumapili nayo haiwi mara mbili kwa sababu tu ni Jumapili. Kinacholindwa ni mapumziko ya saa 24 mfululizo, angalau, kati ya siku ya mwisho ya kazi katika wiki na siku ya kwanza ya wiki inayofuata. Mhudumu wa hoteli ambaye siku yake ya kupumzika ni Jumatano hulipwa mara mbili akiitwa Jumatano, na Jumapili hulipwa bei ya kawaida kwa kuwa ndiyo siku yake ya kazi. Na kumwita mtu ndani ya mapumziko yake ya wiki kunahitaji akubali mwenyewe.

Ndiyo sababu mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki hutatizika akiitwa Jumamosi na Jumapili. Hakuna saa moja yenye jibu moja kwa wote. Inabidi kutazama saa zake 24 za mapumziko zimewekwa wapi, na jambo hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba au kwenye ratiba ya zamu. Kama siku ya mapumziko haikutajwa popote, kila upande utaihamisha kadiri unavyopenda.

Sikukuu ni nyepesi kidogo, maana tarehe zake zinajulikana: Mwaka Mpya, Mapinduzi, Pasaka, Siku ya Karume, Muungano, Mei Mosi, Idi, Maulidi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere, Uhuru, Krismasi na siku inayoifuata. Saa yoyote iliyofanywa siku hiyo ni mara mbili. Usisubiri mpaka uvuke saa 9 ndipo udai. Saa ya kwanza kabisa ya asubuhi ya Mei Mosi, ingawa iko katikati ya zamu yako ya kawaida, ina bei ya mara mbili. Kwa sababu saa hizi haziongezi idadi ya saa za wiki, ndizo zinazopotea kirahisi zaidi: mashine ya mahudhurio inaonyesha wiki ya kawaida ya saa 45, na kompyuta ya mishahara inalipa wiki ya kawaida ya saa 45.

Tuingie kwenye wiki moja nzima. Mfanyakazi wetu yuko kwenye mstari wa kufungasha vinywaji, analipwa shilingi 2,000 kwa saa, na zamu yake ni ya mchana, Jumatatu mpaka Jumamosi. Anaingia saa 8 mchana, anakwenda kula saa 1 jioni, anarudi saa 2 usiku na kumaliza saa 4:30 usiku. Kabla ya chakula amefanya saa 5, baada ya chakula saa 2 na nusu. Jumla saa 7 na nusu kwa siku, na mara sita inakuwa 45 kamili. Wiki hii ina mambo matatu ya ziada. Jumatano ni sikukuu, naye amefanya zamu yake kama kawaida. Jumatatu na Alhamisi amebakizwa kumalizia oda, akatoka saa 7:30 usiku. Jumapili, siku yake ya kupumzika, ameombwa aje saa 8 mchana mpaka saa 1 jioni, naye akakubali.

Tuanze na siku tano za kawaida, yaani zote isipokuwa Jumatano. Saa 7 na nusu mara tano ni 37 na nusu. Kwa shilingi 2,000 tunapata 75,000.

Jumatano ni saa 7 na nusu, kila moja kwa 4,000. Tunapata 30,000.

Halafu usiku ulio ndani ya zamu. Kila siku, toka saa 2 mpaka saa 4:30, ana saa 2 na nusu za usiku. Kwa siku sita, Jumatano ikiwemo, ni saa 15. Kila saa inaongezewa 100, kwa hiyo 1,500. Jumatano nimeihesabu kwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kama ilivyo kwa siku nyingine, kwa kuwa saa zile hazikuwa za ziada.

Ovataimu ya Jumatatu na Alhamisi ni toka saa 4:30 mpaka saa 7:30 usiku, saa 3 kila siku, jumla 6. Kwa 3,000 tunapata 18,000. Zote ni za usiku, kwa hiyo kila moja inaongezewa 150, nazo ni 900.

Jumapili ni saa 5 kwa 4,000, yaani 20,000. Alitoka kabla ya saa 2 usiku, kwa hiyo hakuna nyongeza nyingine.

Kwa nini Jumapili ni mara mbili, si mara moja na nusu? Tazama saa. Jumamosi alitoka saa 4:30 usiku, na Jumatatu angeingia saa 8 mchana. Alikuwa na muda mrefu wa kupumzika, zaidi ya saa 39. Lakini kule kuja Jumapili kumeukata muda huo vipande viwili: saa 15 na nusu kabla na saa 19 baada. Hakuna kipande kilichofikia saa 24, kwa hiyo mapumziko yake ya wiki yameingiliwa.

Jumla yake ni shilingi 145,400 kabla ya makato. Amefanya kazi saa 56.

Sasa tuone ofisi ya mishahara inavyoweza kuipunguza bila mtu yeyote kufoka. Mhasibu anasoma kwenye mashine: saa 56. Anatoa 45, zinabaki 11. Anaandika saa 45 kwa 2,000, ambazo ni 90,000, na saa 11 kwa mara moja na nusu, ambazo ni 33,000. Jumla 123,000. Karatasi inaonyesha ovataimu imelipwa, tena kwa mara moja na nusu kama sheria inavyosema, na mfanyakazi anaridhika. Lakini zimepotea shilingi 22,400 kwa wiki moja. Kati ya hizo, 15,000 ni za Jumatano ya sikukuu, 5,000 ni tofauti ya Jumapili, na 2,400 ni za usiku. Sehemu kubwa kabisa imepotea kwenye zamu ambayo haikuwa na dakika moja ya ziada. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuhesabu saa zilizozidi peke yake hakutoshi. Lazima kujua kila saa iliangukia wapi.

Wiki hiyo pia inatuonyesha mipaka ambayo fedha haiwezi kuivuka. Sheria hairuhusu mtu afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, ovataimu ikiwemo, na baada ya kazi lazima apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kuingia tena. Mfanyakazi wetu aliyetoka saa 7:30 usiku akaingia kesho yake saa 8 mchana amepumzika saa 12 na nusu, yuko ndani ya mpaka kwa nusu saa tu. Angebakizwa mpaka saa 9 usiku, saa zake za kazi zingefika 12 kamili bila kuvuka ukomo wa siku, lakini angebaki na saa 11 za kupumzika, na zamu ya kesho ingepaswa kuanza baadaye. Ukomo mwingine ni saa 50 za ziada katika wiki nne. Yeye ana 6 za usiku na 5 za Jumapili. Akiendelea hivyo wiki nne atafikia 44. Na ovataimu yoyote inahitaji makubaliano. Kuandikwa jina ubaoni kwamba leo unabaki si makubaliano.

Mwajiri akivuka mipaka hii, amevunja sheria, lakini saa zilizofanywa zinabaki kuwa zilizofanywa. Hawezi kugeuka akasema, kwa kuwa saa ya 51 hairuhusiwi, basi hailipwi. Vivyo hivyo kwa ile hoja inayopendwa sana, kwamba hukutumwa kubaki, ulibaki mwenyewe. Sheria inamzuia mwajiri asitake wala asiruhusu mtu avuke saa. Msimamizi aliyekuona kwenye mstari saa 6 usiku akakuacha uendelee kufungasha, ameruhusu.

Walinzi ndio wanaoumizwa zaidi na hesabu hii, na inanisikitisha kuona jambo hilo limezoeleka hata linaonekana la kawaida. Mlinzi anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Hawezi kuondoka getini akale, kwa hiyo saa zake ni 12 kamili. Kwa wiki ni 72. Ukitoa 45 zinabaki 27 za ziada, na kwa wiki nne ni 108, zaidi ya mara mbili ya zile 50 zinazoruhusiwa. Katika kila zamu ana saa 10 za usiku. Akidai, huambiwa kwamba kazi ya ulinzi ni saa 12, ndivyo ilivyo. Ni kweli kuna utaratibu halali wa zamu za hadi saa 12, chakula kikiwa ndani yake, bila kulipa ovataimu kwa siku hiyo. Lakini lazima uwe umekubaliwa kwa maandishi, usizidi siku 5 kwa wiki, na saa za kawaida zisizidi 45. Usiku wa sita unautoa kabisa nje ya utaratibu huo, na 72 haziwezi kuwa 45.

Nimekuwa nikisema mshahara wa msingi kila mara, na si kwa mazoea. Bei zote tulizotaja zinahesabiwa juu ya mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba, ya usafiri au ya chakula haimo. Kwa mtu aliyeandikiwa shilingi 2,000 kwa saa bila posho hakuna tatizo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea kabla hata ovataimu haijaanza.

Sheria ina jedwali la kugeuza mshahara. Wa mwezi unaugawa kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki katika mwezi, kisha unagawa kwa saa za kawaida za wiki. Kwa mtu wa saa 45, hiyo ni sawa na kugawa kwa 195 hivi. Mshahara wa msingi wa 390,000 unatoa 2,000 kwa saa. Baadhi ya ofisi hugawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8. Inaonekana ina mantiki, ila imehesabu siku za mapumziko kana kwamba ni za kazi, na saa inashuka mpaka 1,625. Kila shilingi ya ovataimu inayofuata inashuka pamoja nayo. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba amri ya jumla ya mishahara ya kwao inagawa kwa 225. Mantiki ni ile ile, ila wiki ya kawaida kule ni ya saa 52, na 52 mara 4.333 ni kama 225. Kwa hiyo usibebe kigawanyo cha nchi moja ukakitumia nyingine.

Sasa chukua mfanyakazi mwingine anayelipwa 390,000 kwa mwezi, lakini mkataba wake umeigawa: msingi ni 260,000, na 130,000 ni posho. Anapokea fedha ile ile kila mwisho wa mwezi. Saa yake ya msingi, hata hivyo, ni 1,333, na mara moja na nusu inakuwa 2,000. Yaani saa yake ya ziada, ile ya uchovu wa usiku, inamlipa sawasawa na saa ya kawaida ukijumlisha posho. Mgawanyo huo unaweza kuwa halali kabisa, ilimradi kima cha chini cha mshahara cha sekta yake hakikuvunjwa. Wakati wa kuuliza ni siku ya kusaini mkataba, na swali lenyewe ni moja: msingi ni kiasi gani? Jumla ya mshahara haiwezi kukujibu.

Wapo wasioguswa na saa hizi. Anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye sehemu hii ya sheria. Hilo linamhusu meneja. Halimhusu kiongozi wa zamu ambaye amepewa fulana ya rangi tofauti huku bado anabeba makreti na wenzake, ingawa wapo waliopandishwa cheo cha namna hiyo wakaambiwa kwamba sasa wao ni uongozi na ovataimu imekwisha.

Ushahidi unaokosekana ni karibu sikuzote ule wa saa ya kutoka. Daftari la mahudhurio husainiwa asubuhi na kila mtu, lakini usiku wa manane msimamizi huwa ameshaondoka nalo au amelifungia kabatini. Daftari lako mwenyewe linasaidia, likiandikwa siku ile ile: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kula na kama kweli ulitoka kituoni, saa ya kutoka, na jina la aliyekuambia ubaki. Ujumbe wa simu unaosema njoo Jumapili ni ushahidi kuliko ahadi iliyotolewa mbele ya watu kumi, kwa hiyo usiufute. Kila malipo yanapaswa kuambatana na karatasi inayoonyesha kiasi na makato. Iombe, na kama ovataimu iko mstari mmoja, omba mchanganuo: saa ngapi za mara moja na nusu, ngapi za mara mbili, ngapi za usiku.

Mazungumzo ya kwanza yawe na ofisi ya mishahara, ukiwa na hesabu yako kwenye karatasi, maana makosa mengi ni ya mpangilio wa kompyuta ambayo haikuambiwa Jumatano ile ilikuwa sikukuu. Ikishindikana, tawi la chama cha wafanyakazi, kwa viwanda mara nyingi TUICO, linaweza kulibeba kwa niaba ya wote walioguswa. Afisa Kazi wa wilaya au mkoa ana mamlaka ya kuingia kiwandani na kukagua kumbukumbu. Na madai yenyewe hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1 na kumpa mwajiri nakala. Hapo kuna muda wa kuuangalia kwa makini: kwa malipo ambayo hayahusiani na kuachishwa kazi, ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Anayechelewa lazima kwanza aiombe Tume ikubali kumsikiliza na aeleze kwa nini alichelewa, na jibu la kwamba alikuwa akingoja msimamizi atimize ahadi linaweza lisitoshe. Mkataba wa maandishi ukikosekana, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira yalikuwaje, kwa hiyo asiyepewa mkataba asidhani hana mlango wa kuingilia.

Mbele ya msuluhishi, dai linalosema nadai ovataimu ya miezi minne huulizwa maswali kwa muda mrefu. Dai linalosema Jumatano ya tarehe fulani, saa 7 na nusu za sikukuu, nililipwa 15,000 badala ya 30,000, linamfanya mwajiri afungue daftari lake kwenye ukurasa huo.